Viazi vya oveni: kazi kubwa iko kwenye sufuria

Kila mwanagenzi anayeingia jikoni kwetu hapa Nakuru, nikimkabidhi viazi vya oveni, swali lake la kwanza ni oveni iwekwe nyuzi ngapi. Nalijibu mapema: 220. Lakini ukivitia viazi vibichi humo, utatoa vipande vyenye ngozi ngumu kama kiatu na kiini kinachonata. Ukavu wa nje na ulaini wa ndani huandaliwa kwenye sufuria ya maji, kabla oveni haijahusika. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye sufuria.

Kiazi utakachokutana nacho zaidi ni Shangi. Ndicho kinachoteremka kwa magunia kutoka Molo, Kuresoi na Mau Narok. Kinaiva upesi na kina wanga wa kutosha, na kwa kazi hii ni kizuri. Ubaya wake ni kwamba ukigeuka kujibu simu, kimepondeka. Vichague vigumu, visivyochipua. Chenye rangi ya kijani kiweke kando, kwani kijani ni dalili ya sumu iitwayo solanini, na kukipika hakuiondoi. Pia usiviweke kwenye friji. Baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na sukari huungua mapema: nje kitakuwa cheusi kabla hakijawa kikavu.

Tuchukue kilo 2. Vimenye, uvikate vipande vya ukubwa wa yai, vyote vilingane. Viweke kwenye sufuria na maji baridi yanayovifunika vizuri, utie kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, kisha uwashe moto. Nasema maji baridi kwa sababu ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, ngozi ya nje huiva na kuanza kumomonyoka wakati kiini bado hakijapata joto. Kwa Shangi tofauti hiyo ndiyo huwa uji.

Yakishachemka, punguza moto yatokote polepole. Sasa usiamini dakika ulizosoma mahali. Nakuru iko juu, takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Kisumu ni kama 96. Kwa hiyo kiazi kinachohitaji dakika 8 Mombasa, hapa kinaweza kudai dakika mbili tatu zaidi, na ukipanda Molo zaidi kidogo. Kuongeza moto hakusaidii: maji yatarukaruka tu na kuvivunja vipande, lakini joto lake halipandi.

Basi angalia kiazi chenyewe. Kuanzia dakika ya 7 tangu yachemke, toa kipande kimoja. Kingo zake ziwe zimepoteza ukali, na uso uonekane na manyoyanyoya kama blanketi kuukuu. Kichome kwa ncha ya kisu: iingie bila taabu, kisha ikutane na ukinzani mdogo katikati kabisa. Hapo ndipo pa kutoa. Kikikataa kisu tangu nusu ya njia, bado. Kikiteleza kutoka kwenye kisu na kupasuka, umechelewa, kitengee viazi vya kuponda.

Kwa nini tusikiache kiive kwenye oveni peke yake? Ulaini wa ndani unatokana na chembe za wanga kunywa maji na kuvimba. Zikiwa kwenye maji hilo hutokea taratibu, sawasawa hadi ndani. Kwenye hewa kavu ya oveni, nje hukauka na kujifunga mapema, na ndani huiva kwa shida. Uji mwembamba wa wanga unaobaki juu ya kipande kilichochemshwa, nao, ndio utakaogeuka kuwa gamba.

Wengine hutia magadi kwenye maji, yale yale ya kulainishia mrenda. Yanafanya kazi: magadi hudhoofisha gundi inayoshika chembe za kiazi, uso ukamomonyoka vizuri. Kwa Shangi sioni haja. Ukipata kiazi kinachoshikamana sana, tia ncha ya kijiko tu kwa lita 2 za maji, usije ukaonja sabuni. Siki na ndimu usitie kabisa, kwani huikaza gundi hiyo hiyo.

Mwaga maji, uviache kwenye chujio wazi. Hapa ndipo wengi huharakisha, na mimi hapa ndipo huwa mkali. Mvuke unaopanda ni maji yanayokuondokea bure, bila gesi. Subiri dakika 5 hadi 10, mpaka mvuke uishe na uso, uliokuwa unang'aa, ufifie na kuwa mweupe kama umepakwa chaki. Vikiingia kwenye mafuta vikiwa na maji, joto la mwanzo litaishia kuyachemsha hayo maji, na gamba halitaanza. Vikishakauka, virudishe kwenye sufuria kavu, funika, utikise kwa nguvu mara tatu nne. Ukifunua uone unga umevivaa pande zote. Kwa Shangi mara tatu zinatosha.

Wakati viazi vinapoa, trei iwe tayari kwenye oveni na mafuta yake. Kwa kilo 2 mimi hutumia mililita 150 za mafuta ya alizeti, na dakika 10 kwa nyuzi 220. Samli ni tamu zaidi na inavumilia joto hilo, lakini siagi ya kawaida ina maziwa ndani yake na itaungua. Jaribu kwa kudondosha chembe ya kiazi: ilie papo hapo na kuzungukwa na mapovu. Ikizama kimya, rudisha trei. Mafuta yakitoa moshi, yamepita kiasi, yatoe yapoe kidogo. Mafuta ya vuguvugu hunyonywa na ule unga kabla haujakauka, na mteja atapata kiazi kinacholoa kidole.

Panga vipande kimoja kimoja, kila kimoja kikipakwa mafuta, na viache nafasi kati yake. Vikibanana, kila kimoja humpulizia mwenzake mvuke. Kilo 2 zinataka trei mbili, isipokuwa uwe na trei kubwa ya hoteli.

Weka katikati ya oveni. Oveni nyingi za gesi tunazotumia zina moto chini tu, na namba kwenye kitufe mara nyingi hazilingani na joto lenyewe, kwa hiyo kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani hakikosi kazi. Usiviguse dakika 20 hadi 25. Ukijaribu kuvigeuza mapema, gamba litabaki kwenye trei. Kikiachia chenyewe ukikisukuma kwa kijiko, ndipo kigeuze. Teremsha hadi 200, uvipe dakika 20 hadi 25 nyingine. Visikie vikigongana: vinatoa sauti kavu vikiwa tayari.

Chumvi ya mwisho tia vikitoka tu. Usivifunike kwa karatasi ya foili hata mhudumu akikuomba, “Shefu, vifunike visipoe,” kwani mvuke wao wenyewe utavilainisha gamba kwa dakika chache. Mteja akichelewa, viache kwenye trei, oveni ikiwa nyuzi 100 na mlango umeachwa wazi kidogo. Vitavumilia kama nusu saa. Vikipita hapo, gamba litakuwa gumu badala ya kuvunjika.