Neimseva zangu mwenyewe hazitambuliki

"Wakuu, zoni yangu ina rekodi A ya ns1.domeniyako.com, mbona domeni haifunguki?"

Mkuu hiyo rekodi iko ndani ya seva yako na bado hakuna anayejua njia ya kuifikia. Rizolva, ile seva inayowatafutia watu IP za majina, ikiuliza seva za .com inaambiwa nenda ns1.domeniyako.com, sasa ili ipate IP yake inabidi imuulize ns1 huyohuyo, inabaki inazunguka tu. Glu ndo inakata huo mzunguko, yaani IP ya neimseva inawekwa kule juu kwenye rejistri ya .com. Ingia kwa msajili wako, tafuta "Host records" au "Child nameservers", andikisha ns1 na ns2 na IP zao, halafu ndo ubadilishe neimseva. Pima:

```
dig @a.gtld-servers.net domeniyako.com NS +norec
```

IP zikitokea kwenye ADDITIONAL SECTION, glu ipo. Siku ukihamisha seva badilisha IP kote kuwili, kwenye zoni na kwa msajili, ya msajili ndo watu husahau.