Makato matatu yasiyofanana katika mshahara wako wa kwanza

Wafanyakazi wapya wanaofika mezani kwangu mwisho wa mwezi hapa Nairobi huuliza swali moja: mbona makato ni mengi hivi? Tatizo limo ndani ya neno lenyewe, kwa kuwa sisi huita "makato" kila kinachopunguza mshahara, ilhali katika hati ya mshahara kuna mambo matatu yanayofanya kazi tofauti kabisa.

Chukua mshahara wa shilingi 60,000. Kabla ya ushuru kuhesabiwa, huondolewa mchango wa NSSF, yaani akiba ya uzeeni ya serikali, wa 3,600, SHIF, yaani bima ya afya ya jamii, ya 1,650 na ada ya nyumba ya 900. Jumla yake ni 6,150, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 zote tatu hupunguza mapato yanayotozwa ushuru. Kwa hivyo ushuru wako hauhesabiwi juu ya 60,000 bali juu ya 53,850. Hili ndilo punguzo la mapato.

Sasa ushuru wenyewe: 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na 21,517 zinazosalia asilimia 30. Jumla ni takriban 10,938. Hapo ndipo unapoingia unafuu wa kibinafsi wa 2,400 kwa mwezi, ambao haugusi mapato hata kidogo. Huondolewa moja kwa moja kwenye ushuru uliokwisha kuhesabiwa, nao ukabaki 8,538. Mwajiri huizuia pesa hiyo na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, nawe unapokea takriban 45,312.

Tofauti kati ya punguzo la mapato na unafuu huonekana vizuri zaidi unapoanza kuweka akiba. Tuseme una shilingi 2,000 za ziada kila mwezi. Ukizichanga katika mfuko wa pensheni uliosajiliwa, mapato yanayotozwa yanashuka kwa 2,000, na kwa kuwa shilingi zako za mwisho zinatozwa asilimia 30, ushuru unapungua kwa 600. (Kikomo cha punguzo hili, pamoja na NSSF, ni 30,000 kwa mwezi.) Ukizilipa badala yake kama bima ya maisha, unapata unafuu wa asilimia 15 ya ulicholipa, yaani 300, tena baada ya kumkabidhi mwajiri cheti cha bima. Sisemi bima haifai, kwani kinga yake ni jambo jingine; nasema tu kwamba mawakala wengi huahidi kuwa malipo yote "yataondolewa kwenye ushuru", na hilo si kweli.

Jambo la tatu, yaani kuzuia, ndilo lililonigharimu mimi mwenyewe. Kiasi anachozuia mwajiri ni malipo ya awali ya ushuru wa mwaka mzima, naye hukihesabu kana kwamba yeye ndiye mwajiri wako wa pekee. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na kazi ya mchana, kisha nikafundisha jioni kwa miezi minne katika chuo kimoja cha mjini. Kwa viwango vya leo, hesabu ingekuwa hivi: chuo kinaona mapato ya 20,000, kinatoza asilimia 10, yaani 2,000, kinanipa unafuu wa 2,400, na hakizuii hata senti. Nilifurahi kupokea pesa kamili. Hata hivyo, unafuu wa kibinafsi ni mmoja tu kwa mtu, na viwango vya chini vilikuwa vimeshatumika katika kazi ya mchana. Hivyo kila shilingi ya jioni ilipaswa kutozwa asilimia 30. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni deni la 24,000, linalojitokeza unapojumlisha fomu mbili za P9, yaani taarifa za mwaka za mapato na ushuru kutoka kwa kila mwajiri, katika iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Ushuru, kufikia tarehe 30 Juni.

Kwa hiyo, ukianza kazi ya pili, mwambie mwajiri huyo kwa maandishi kwamba unafuu wako tayari unatolewa kwingine, kisha uhakikishe kuwa safu ya unafuu katika hati yake haina kitu. Hilo halimalizi deni lote: katika mfano wangu angezuia 2,000, nami ningebaki na 4,000 za kuweka kando kila mwezi. Anayehama kazi bila miezi kugongana hana shida hii, ila asikubali kuondoka bila P9 ya mwajiri wa kwanza, maana kuifuatilia mwezi Juni, wakati kila mtu anaitafuta yake, huchosha sana.