Fatwa ya Transvaal haijibu swali la Geita

"Assalamu alaikum Daktari. Naandika makala kuhusu mzozo wa nani achinje nyama ya kuuzwa uliotokea Geita, Kanda ya Ziwa, mwaka 2013. Nimepata mtandaoni fatwa ya Sheikh Muhammad Abduh wa Misri inayosema Muislamu anaweza kula nyama iliyochinjwa na Mkristo. Nikaandika kwamba Uislamu unaruhusu, kwa hiyo mzozo ule ulikuwa wa siasa, si wa dini. Msimamizi wangu ameizungushia sentensi hiyo wino mwekundu na kuandika 'Nani anasema?' Nirekebishe vipi?" Mwanafunzi wa uzamili, Mwanza

Waalaikumu salaam. Mwezi haupiti bila mimi kukutana na sentensi kama hiyo yako. Ni kazi yangu kupitia makala na tasnifu, na mtenda wa sentensi huwa ni yuleyule: Uislamu unasema, Uislamu unakataza, Uislamu unaruhusu. Ukishuka kwenye tanbihi unakuta fatwa moja ya mtu mmoja, imeokotwa kwenye tovuti, swali lake limekatwa na tarehe haipo. Kosa lenyewe ni la sarufi kabla halijawa la fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Fatwa ina mtu aliyeitoa, na huyo ndiye anayestahili kuwa mtenda wa sentensi yako.

Nitasema kwa ufupi jambo ambalo bila shaka ulisoma mwaka wa kwanza. Kadhi akihukumu, hukumu inawafunga waliosimama mbele yake, wapende wasipende. Mufti akifutu, anaeleza jinsi anavyoiona sheria katika jambo aliloulizwa. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki 1285, aliweka mpaka huo wazi: kadhi analazimisha, mufti anaarifu. Aliyeuliza anaweza kutoka hapo akaenda kwa mufti wa pili, na wengi huenda.

Sasa tuichukue fatwa yako yenyewe. Ulichokipata ni kipande cha fatwa ijulikanayo kama ya Transvaal, ya mwaka 1903. Muulizaji alikuwa Muislamu wa Transvaal, Afrika Kusini, nchi ambayo Waingereza walikuwa ndio kwanza wameichukua kutoka kwa Makaburu katika vita vilivyoisha 1902. Aliuliza mambo matatu kwa mpigo. Kuna watu kule wanavaa kofia za Kizungu ili shughuli zao ziende, je, inafaa? Pili, wachinjaji wa kule humpiga ng'ombe kwa shoka kwanza, ndipo wakamchinja, bila kutaja jina la Mwenyezi Mungu, na kondoo nao huwachinja bila bismillahi. Je, nyama hiyo inalika? Tatu, Mashafii wanaswali nyuma ya Mahanafi, ilhali madhehebu hayo mawili yanahitilafiana kuhusu bismillahi ndani ya swala na takbira za Idi. Je, swala inasihi?

Swali la tatu ndilo ambalo wanaonukuu fatwa hii hulitupa, kwa kuwa halina mvuto. Mimi ndilo naanza nalo kila ninapoisoma, maana ndilo linaloniambia aliyeuliza ni nani. Linaonyesha Waislamu wachache, wa madhehebu tofauti, wasio na njia ila kuswali safu moja. Ukilisoma pamoja na mengine mawili unaiona jamii ndogo iliyo katikati ya wengi wasio wa dini yake, inayotaka kujua iishi vipi hapo bila kutengana na majirani wala kuvunjika yenyewe kwa yenyewe. Hakuna mahali anapouliza nani ana haki ya kuchinja.

Jibu la Abduh kuhusu nyama halina urefu, na linafaa kusomwa neno kwa neno. Anaanza kwa kusema kwamba analoliona yeye ni kuwa Waislamu wa pande zile washike aya ya tano ya Suratul Maida, inayohalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wategemee kauli ya Abu Bakr Ibn al-Arabi wa madhehebu ya Maliki. Hebu tazama alivyoyafunga maneno yake. "Analoliona yeye" ni alama ya rai. "Waislamu wa pande zile" ni alama ya hadhira. Alama zote mbili zimo katika sentensi moja ya mwanzo, na zote mbili ndizo zinazopotea pale mtu wa mtandaoni anapofupisha kuwa "Abduh ameruhusu nyama ya Wakristo".

Halafu kuna huyo Ibn al-Arabi. Alikuwa kadhi wa Seville, Hispania ya Waislamu, akafariki 1148. Aliulizwa kuhusu Mkristo anayemnyonga kuku shingo kisha akampika: je, Muislamu ale? Akajibu ale, kwa kuwa hicho ni chakula chao na chakula cha mapadri wao. Ni kauli iliyowashangaza hata Wamaliki wenzake, na si kauli ambayo mwanafunzi wa fikihi angeitaja kama rai ya wengi. Abduh aliyajua hayo fika. Ofisi ya mufti wa Misri, aliyoishika tangu 1899 hadi alipofariki 1905, kwa desturi ilifutu kwa madhehebu ya Hanafi, na Wahanafi hushurutisha kutajwa kwa jina la Mwenyezi Mungu kama halikusahauliwa. Swali la tatu nalo limekwisha kukuonyesha kuwa waliouliza walikuwa Mashafii na Mahanafi. Kwa hiyo mufti aliye kwenye kiti cha Kihanafi anawajibu watu wa madhehebu mawili kwa kauli ya madhehebu ya tatu. Hapo ndipo penye habari kwa mtu wa sayansi ya jamii. Jibu lenyewe linakuambia machache. Njia aliyoifuata inakuambia mengi kuhusu jinsi alivyotaka fikihi ifanye kazi kwa Waislamu wanaoishi chini ya watawala wa Kizungu.

Na jinsi ilivyopokewa? Magazeti ya Kairo yalimshambulia, kofia na nyama zikawa gumzo, na wapinzani wake waliokuwa upande wa mtawala wa Misri, Khedive Abbas Hilmi, ambaye yeye na Abduh hawakuwa wakielewana, wakapata pa kumshika. Mwanafunzi wake Rashid Rida akamtetea katika jarida la Al-Manar. Kumbuka kwamba Misri yenyewe ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1882; kofia ya Kizungu kichwani mwa Muislamu haikuwa jambo la jua kali tu. Kwa maneno mengine, hata siku ilipotoka fatwa hii ilikuwa ubishi. Wewe umeichukua zaidi ya miaka 110 baadaye ukaifanya msimamo wa dini nzima.

Sasa Geita. Mzozo wa 2013 haukuhusu Muislamu mmoja aliye ugenini anayeuliza ale au asile. Ulihusu nani ashike kisu katika nyama inayouzwa kwa watu wote, baada ya utaratibu uliozoeleka wa kuwaachia Waislamu kazi hiyo kuanza kupingwa. Ni swali la haki, riziki na heshima ya mahali pa hadhara. Fatwa ya 1903 haikuliona swali hilo, kwa hiyo haiwezi kulijibu, si kwa ndiyo wala kwa hapana.

Kuna na lingine, ambalo wanafunzi wengi hawalijui kwa kuwa hawakupita darsani. Fikihi inayosomeshwa zaidi Afrika Mashariki ni ya Shafii, na Minhaji ya Imamu Nawawi ni kitabu kinachojulikana vizuri katika darsa za pwani. Humo, sharti la mchinjaji ni awe mtu ambaye ndoa na watu wake inafaa, na kwa Ahlul Kitab, yaani waliopewa Kitabu, wasio wa kizazi cha Israili inatakiwa ijulikane kwamba wazee wao waliingia katika dini hiyo kabla haijafutwa na kubadilishwa. Mshafii anayelishika sharti hilo kama lilivyo hatamhesabu Mkristo ambaye babu yake alibatizwa na wamisionari kuwa sawa na yule anayetajwa katika aya. Wapo masheikh wa leo wasiolishika, na sikuambii lipi ni sahihi. Hiyo si kazi ya makala yako wala yangu. Nakuambia tu kwamba sheikh wa Geita anayekataa nyama hiyo anaweza kuwa na hoja ya kifikihi iliyokamilika, nawe umeshamwandika kuwa mwanasiasa bila kumsikiliza.

Andika hivi: "Mwaka 1903 mufti wa Misri, Muhammad Abduh, akimjibu muulizaji wa Transvaal, aliona kwamba Waislamu wa huko wanaweza kula nyama iliyochinjwa na Wakristo, akitegemea kauli ya Ibn al-Arabi wa Kimaliki, rai ambayo ilipingwa vikali Misri." Baada ya kuiandika hivyo utagundua mwenyewe kwamba haina kazi katika hoja yako, labda kama mfano wa kulinganisha. Ifute bila huruma.

Wanaoniudhi zaidi si wanafunzi. Ni wale wanaouza tasnifu kwa ukurasa, wenye faili la "fatwa kuhusu" kila kitu, kuhusu riba, kuhusu picha, kuhusu wanawake, mstari mmojammoja, tayari kubandikwa. Na wapo watafiti wenye majina wanaozihesabu fatwa kama kura, kumi zinaruhusu na saba zinakataza, bila kujali kwamba moja ilijibu mkulima na nyingine ilijibu waziri. Fatwa iliyonyofolewa swali lake ni kama jibu la barua ambayo hukuisoma.

Wakati mwingine hata maneno yenyewe hayako salama. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, aliulizwa kuhusu mji wa Mardin, ulioko Uturuki ya leo, ambao watawala wake walikuwa chini ya Wamongolia: ni nchi ya vita au ya Kiislamu? Alisema ni mchanganyiko, si hii wala ile. Muislamu wa humo atendewe anavyostahili, na anayetoka nje ya sheria naye atendewe anavyostahili. Katika chapa ya Kairo ya mwanzoni mwa karne ya 20, lile neno "atendewe" la pili likatoka "yuqatal", yaani apigwe vita, badala ya "yu'amal", atendewe. Kwa herufi za Kiarabu maneno hayo yanafanana sana machoni. Kikundi kilichomuua Rais Sadat mwaka 1981 kiliinukuu fatwa hiyo katika maandishi yake. Hati ya kale iliyoandikwa kwa mkono, na nukuu ya mwanafunzi wake Ibn Muflih, zina "yu'amal". Wangapi wameinukuu bila kufungua hata moja kati ya hizo?

Kwa makala yako, mwanangu, rudi machinjioni. Usimuulize mchinjaji dini inasemaje. Muulize siku ile ubishi ulipoanza alikwenda kwa sheikh gani, alimuuliza kwa maneno yapi, na sheikh akamjibu nini. Kama bado anayakumbuka maneno ya swali, yaandike kama alivyoyasema, kwa Kisukuma ikibidi, kabla hujaandika jibu.