Faili la mishahara lilikataliwa mara mbili, na mkosaji nilikuwa mimi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, benki imenirudishia faili la malipo mara tatu. Wanasema kosa liko mstari wa 1, sehemu ya 1. Nimeuangalia mstari huo mpaka macho yanauma, sioni kitu." Nilipousoma ujumbe huo moyo ulinipiga, maana najua kukodolea macho mstari usio na kosa lolote linaloonekana. Nitamjibu mwishoni. Kwanza nieleze yaliyonipata mimi, kwa sababu jibu lake limo humo humo.

Tulikuwa na wafanyakazi 184 wa kulipwa tarehe 25. Mfumo wa mishahara ulitoa faili la CSV kama kila mwezi, na lilikuwa sahihi kabisa. Kabla sijalipakia kwenye mfumo wa benki nikakumbuka kuna mtu mmoja ameacha kazi na jina lake bado limo. Nikabofya faili mara mbili, likafunguka kwenye Excel, nikafuta mstari wake, nikahifadhi, nikapakia. Kazi ya dakika mbili. Nusu saa baadaye hali ya faili ilisomeka kuwa limekataliwa: tarehe ya malipo haifuati muundo.

Nililifungua tena kwenye Excel nikaona tarehe nzuri tu, ya siku ile ile. Ilinichukua muda kuelewa kwamba Excel haikuwa inanionyesha faili. Ilikuwa inanionyesha tafsiri yake. Mfumo wetu ulikuwa umeandika mstari wa kwanza, na Excel ilipohifadhi ikaandika wa pili:

```
2025-07-25
25/07/2025
```

Kwa binadamu hiyo ni siku moja. Mfumo wa benki unasoma herufi kwa herufi: unataka tarakimu nne, kistari, tarakimu mbili, kistari, tarakimu mbili. Ukikuta mkwaju mahali pa tarakimu, unalirudisha faili zima.

Na hapo mimi nilikuwa na bahati. Kuna benki zinazopokea tarehe yenye mikwaju, na huko kompyuta iliyowekwa mpangilio wa mwezi kwanza inaweza kugeuza tarehe 5 ya mwezi wa 6 ikasomeka tarehe 6 ya mwezi wa 5. Tarehe 25 ingekataliwa mara moja kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Lakini siku yoyote kuanzia 1 hadi 12 ikigeuzwa bado ni tarehe halali, na kama inaangukia mbele, faili linapita na pesa zinatoka mwezi mwingine. Kukataliwa ni afadhali kuliko hilo.

Nikabadilisha mwonekano wa safu ile uwe mwaka-mwezi-siku, nikahifadhi. Halafu nikafanya jambo ambalo mtu makini angelifanya: nikalifungua tena kuhakikisha. Excel ikazigeuza tarehe upya, na nilipofunga ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Nikakubali. Yaani nililiharibu faili kwa kulikagua. Jambo hilo bado linaniuma, kwa kuwa bidii yangu ndiyo iliyoniponza. Bahati nzuri, kabla ya kupakia nililifungua kwa Notepad, nikaiona mikwaju imerudi. Nikaona pia kwamba namba za akaunti zinazoanza na sifuri zimepoteza sifuri zake. Nikaacha kulitibu faili lile. Nikamwondoa yule mfanyakazi ndani ya mfumo wa mishahara wenyewe, nikatoa faili jipya, nikalipakia bila kuligusa.

Likarudi tena.

```
Line 117, Field 4: Invalid character
```

Sehemu ya 4 ni jina la mpokeaji. Mstari wa 117 ulikuwa wa mfanyakazi mpya, mwenye jina la ng' katikati. Nikafikiri benki haitaki ritifaa. Lakini kulikuwa na wengine watano wenye ng', na hakuna hata mmoja aliyelalamikiwa. Huku bosi akipita kila dakika kumi kuuliza, na mwenzangu akisema, "Wewe tuma tena tu, labda mtandao."

Tofauti niliiona nilipoyaweka majina mawili juu na chini kwenye Notepad na kuyakuza. Ritifaa ya wale watano ilikuwa imesimama wima. Ya huyu mpya ilikuwa imejipinda kidogo. Jina lake lilinakiliwa kutoka kwenye barua ya ajira iliyoandikwa kwa Word, na Word hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda wakati unaandika. Iliyonyooka ni baiti moja, na imo katika orodha fupi ya alama ambazo mifumo mingi ya benki inazikubali. Iliyopinda, katika UTF-8, namna moja ambayo kompyuta huhifadhi herufi, ni baiti tatu, na katika orodha hiyo haimo. Nikaifuta ndani ya mfumo wa mishahara, nikaiandika upya kwa kidole changu, nikatoa faili la tatu. Likapita. Lakini saa ya mwisho ya kupokea malipo ya siku ile ilikuwa imeshapita, na watu 183 walipata mshahara wao kesho yake. Walionipigia simu kuuliza kulikoni walikuwa na haki.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayeshika malipo ya watu: faili lililotoka kwenye mfumo usilifungue kwa Excel. Ukitaka kulitazama, tumia Notepad. Kama lazima uwe na safu, ingiza kupitia Data, From Text/CSV, chagua Do not detect data types, tazama, funga, usihifadhi juu ya lile la awali. Kosa lirekebishwe kwenye mfumo, siyo kwenye faili. Nalirudia kwa sababu nililijua na bado sikulifuata.

Herufi ngeni usizitafute kwa macho. Fungua faili kwa Notepad++, ambayo ni programu nyingine tofauti na Notepad, ingia Find, weka alama kwenye Regular expression, andika hivi:

```
[^\x00-\x7F]
```

Itakusimamisha kwenye kila herufi iliyo nje ya zile za kawaida: ritifaa iliyopinda, kistari kirefu, hata ile nafasi inayokuja na maneno yaliyonakiliwa kwenye tovuti, ambayo fomula ya TRIM ya Excel haiiondoi.

Na wale wa "tuma tena tu" msiwasikilize. Soma kwanza ripoti ya hali ya faili. Benki yangu ililikataa faili zima, lakini zipo zinazokataa mistari mibovu peke yake na kuilipa iliyobaki. Huko ukirudisha faili zima unalipa watu mara mbili, na kuzidai pesa ambazo zimeshaingia kwenye akaunti ya mtu ni kazi nyingine kabisa.

Sasa wewe wa mstari wa 1, sehemu ya 1. Nilikuuliza ulihifadhi kwa aina gani, ukanijibu "CSV UTF-8". Excel ikihifadhi hivyo hutanguliza baiti tatu zisizoonekana mwanzoni kabisa mwa faili, ziitwazo BOM, na mfumo wa benki umezisoma kama sehemu ya neno lako la kwanza. Ndiyo maana huoni kitu, na ile tafuta-tafuta niliyoieleza juu nayo haitakuonyesha. Lifungue faili kwa Notepad++ utazame chini kulia: ukiona UTF-8-BOM, ingia Encoding, chagua Convert to UTF-8, hifadhi. Kabla hujalipakia, kagua hapo hapo kama sifuri za mwanzo za akaunti bado zipo. Kama hazipo, toa faili upya kwenye mfumo.