Remainda ilinikumbusha saa tatu asubuhi, pesa ilishatoka saa tisa usiku

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nna gesti ndogo huku Shela, mwaka jana niliweka websaiti kwa kampuni ya nje, pakeji ya mwaka dola 144. Mwaka huu sikuitaka tena maana wageni wengi wanakuja kwa njia nyengine, nikaweka remainda kwa simu tarehe 9 Juni nikansel. Asubuhi simu inalia saa tatu, naingia nakuta kadi ishakatwa usiku ule ule! Nilikosea wapi, na mwakani niiseti vipi isinipate tena?

JIBU: Wa aleikum salaam ndugu yangu, pole sana, karibu shilingi 18,600 kwa msimu wa kusi gesti ikiwa haina mgeni ni pesa ya kuuma wallahi. Kabla ya mambo ya kalenda fanya hili leo leo: ingia kwenye akaunti ya ile websaiti, tafuta sehemu ya malipo, soma "Refund policy" yao, kampuni nyingi zina siku kadhaa za kurudisha pesa ya mwaka mpya baada ya kukata na siku hizo zinahesabika tangu kadi ilipokatwa sio tangu wewe ulipogundua. Waandikie leo, taja tarehe, kiasi, namba ya risiti, sema hukukusudia kuendelea na hujaitumia tangu ikatwe. Na usiguse websaiti yenyewe kwa sasa, usibadilishe picha wala bei, ili hayo maneno yako yabaki kweli. Benki iache iwe hatua ya pili wakikataa.

Sasa kwa nini ilikukata kabla simu haijalia. Kampuni za nje nyingi saa zao za kukata hesabu zinakwenda kwa UTC, na sisi huku tuko masaa matatu mbele, kwa hivyo kwao siku ya tarehe 9 ikianza tu, saa sita usiku, kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 9. Mashine haingoji watu waamke. Remainda yako haikuchelewa, ililia pale pale ulipoiambia ilie, shida ni kwamba ile tarehe ya kurinyu sio siku ya mwisho ya kukansel, siku ya mwisho ilishapita jana yake. Wengine wanataka mapema zaidi kwa kanuni kabisa, kwa mfano ukiwa umesubskraibu kupitia Apple wanasema ukansel angalau masaa 24 kabla, na mikataba ya kibiashara mara nyingi inataka uwape notisi ya siku 30. Kwa hivyo kitu cha kuweka kwa kalenda ni siku yako wewe ya kuamua, unaihesabu kwa kurudi nyuma.

Anza kwa kupata tarehe ya kweli. Usiitegemee siku uliyojisajili. Nimeona watu wengi wanajisajili na majaribio ya bure ya siku 14, mtu anaingia 26 Mei 2025 lakini pesa inaanza kukatwa 9 Juni, mwaka unahesabika kutoka ile 9 Juni. Au kinyume chake, mtu anashika tarehe ya majaribio akadhani ndio hiyo. Tarehe ya kweli iko kwenye ukurasa wa malipo, imeandikwa "Renews on" au "Next billing date", chukua hiyo. Na tafadhali usiishike kwa Idi, nasema hivi kwa sababu huku kwetu kila mtu anakwambia "nililipa baada ya Idi kubwa". Mwaka 2025 Idi kubwa ilikuwa tarehe 6 au 7 Juni, kwa hivyo 9 Juni ilikuwa kweli ni Idi Idi, lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, 2026 Idi ikaja karibu 27 Mei, 2027 itakuwa karibu 16 Mei, na kampuni inaendelea kukata 9 Juni ile ile.

Haya, tuchukue hiyo yako ya mwakani. Itakukata 9 Juni 2027. Jiulize unahitaji muda gani kabla hujabonyeza kansel: kutoa picha zako zote, kunakili maandishi, kuangalia ni buking ngapi zilipitia hapo msimu uliopita. Halafu jiulize tarehe hizo uko wapi. Watu wa Shela wengi Mei na Juni gesti imefungwa, bahari imechafuka, mtu yuko shamba bara au kwao Faza na imeli hasomi. Kwa hivyo mimi kwako ningeweka siku ya kuamua Jumanne 4 Mei, bado uko kwenye meza na daftari la wageni liko mbele yako. Halafu ya pili Jumatano 2 Juni, wiki moja kabla, hiyo ni ya kuokoa tu kama ile ya kwanza ilikupita.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwenye Google Calendar. Mtu anaweka tukio 9 Juni halafu anataka limkumbushe siku 36 kabla, apu inakataa, kwa sababu notifikesheni ya tukio hairudi nyuma zaidi ya wiki 4. Wiki 4 kabla ya 9 Juni ni 12 Mei, na wewe unataka 4 Mei. Basi usihangaike na hiyo hesabu, fanya 4 Mei iwe tukio lenyewe na 2 Juni iwe tukio lenyewe. Bonyeza ile alama ya kujumlisha, chagua "Event", weka tarehe, zima "All-day" uweke saa kamili, kisha pale palipoandikwa "Does not repeat" ubadilishe iwe ya kila mwaka. Kwa notifikesheni weka mbili, moja saa ile ile na nyengine siku moja kabla, na hiyo moja uifanye ije kwa imeli, maana notifikesheni ya simu ukiipangusa na kidole ukiwa ndani ya boti imekwenda, lakini imeli inabaki pale haijasomwa.

Kwenye saa kuwa makini. Ukitaka saa tatu asubuhi simu unaiandikia 9:00, sio 3:00. Najua unajua, lakini nimeshafungua kalenda ya mzee mmoja hapa Langoni zote zimewekwa 3:00 AM, zinalia saa tisa usiku simu iko sailenti, asubuhi haoni kitu, miezi sita analaumu simu.

Kichwa cha tukio kiandike kama amri, na kiwe na pesa ndani: "AMUA websaiti ya gesti, dola 144 inakatwa 9 Juni". Ukiandika "websaiti" peke yake, mwakani utaangalia tu na kupita. Chini kwenye maelezo weka vile vitu vitakavyokukwamisha siku hiyo: imeli uliyojisajilia, namba nne za mwisho za kadi, na njia ya kufika kwenye kitufe cha kansel umeiandika hatua kwa hatua ukiwa unaiona leo, maana hizo kampuni kitufe hicho wanakificha ndani ndani. Paswadi usiiweke hapo. Halafu mualike mtu wa pili kwenye hilo tukio, mkeo au kijana anayeshika gesti, simu yako ikianguka baharini mwenzio analo kwake.

Na angalia tukio limehifadhiwa wapi. Hili liliniuma mimi mwenyewe, nilikuwa na hifadhi ya mafaili ya wateja niliyolipia mwaka, remainda nilizipanga vizuri kabisa lakini kalenda ya ile simu ilikuwa inaziweka ndani ya simu yenyewe sio kwenye akaunti ya Google, simu ikafa, nikanunua nyengine nikaingia na akaunti ile ile nikajua kila kitu kimerudi, kumbe hakuna hata moja, na nilijua siku kadi ilipokatwa. Kwa hivyo ukiseva tazama chini ya tukio limeandikwa imeli yako ya Gmail. Kisha ijaribu: tengeneza tukio la dakika kumi zijazo, notifikesheni dakika tano kabla, funga simu uiweke mfukoni. Isipolia, nenda setingi uangalie ruhusa ya notifikesheni ya kalenda na ile ya kubana betri, simu nyingi za bei nafuu zinaizima apu ambayo hujaifungua siku nyingi.

Siku ya kukansel ikifika, au hata leo baada ya kupata jibu la pesa yako, jua kwamba pakeji nyingi za mwaka ukizima kurinyu mapema unaendelea kuitumia mpaka mwaka wako uishe, hupotezi kitu, kwa hivyo ukishaamua huna haja ya kungoja Juni. Ila soma kabla ya kubonyeza, kama inasema inaisha mwisho wa kipindi ni sawa, kama inasema inafungwa sasa hivi basi subiri kwanza utoe picha zako. Na zile pakeji za mwaka ambazo unalipa kidogo kidogo kila mwezi ni mambo mengine, hizo nyengine zinadai faini ukitoka katikati. Utajua imekubali pale "Renews on" itakapogeuka kuwa "Expires on" au neno kama hilo, na imeli ya kuthibitisha iwe imefika, piga skrinshoti uziweke pamoja. Kufuta apu kwa simu hakukansel chochote, na kuacha kadi bila pesa pia sio kukansel, wanajaribu tena na tena mpaka siku mgeni amekulipa.

Kitu cha mwisho, na hiki kiangalie kabla hujazima lolote. Ile domeini, lile jina la gesti yako, mara nyingi linalipiwa mbali na websaiti hata kama ulinunua kwa kampuni moja, lina tarehe yake na kitufe chake cha kurinyu. Kama kwenye ukuta wa gesti na kwenye kadi za wageni umeandika imeli yenye jina hilo, domeini ikiisha imeli zinaacha kuingia, na mwengine anaweza kulichukua jina. Kwa hiyo hiyo ya domeini kurinyu iache ifanye kazi, na remainda yake uiandike kinyume: "HAKIKISHA kadi ina pesa, domeini ya gesti". Iweke mwezi mzima na zaidi kabla ya tarehe yake, kwa sababu wauzaji wengine wa domeini wanakata mapema kabla haijaisha.