Mvuvi si mvuaji: mtenda kazi kutoka kwenye kitenzi

Wewe uliyeanza kujifunza Kiswahili hapa Kigoma, anzia mwaloni Kibirizi, maana karibu kila mtu pale ana jina la kazi lililozaliwa na kitenzi.

Chukua pika. Ondoa -a ya mwisho, tanguliza m-, malizia kwa -i. Ungetarajia mpiki, lakini k ikikutana na hiyo -i hugeuka sh: mpishi. Ndivyo andika ilivyotoa mwandishi. Ng na nd huwa nz, kama jenga na mjenzi, linda na mlinzi. Mb huwa mv: gomba, mgomvi.

Wengi hukwama kwenye vitenzi vinavyoishia na irabu mbili. Nunua inatoa mnunuzi, na hiyo z imetoka wapi? Kiweke kitenzi katika hali ya kutendwa: nunuliwa. Ile l ilikuwepo zamani, ikadondoka katikati ya irabu, na mbele ya -i ikageuka z. Zaa, zaliwa, mzazi. Lea, lelewa, mlezi. Chukua, chukuliwa, mchukuzi.

Sasa vua samaki. Kutendwa kwake ni vuliwa, kwa hiyo kwa kipimo hicho tungepata mvuzi. Hatukupata, kwa sababu mzizi wa zamani uliishia na b, si l. B hiyo ilidondoka katika kitenzi, ikabaki kama v katika mvuvi. Vuliwa imefuata tu mkumbo wa wenzake. Anayejua Kirundi ataona mageuzi ya namna hiyo kwake: kuroba, umurovyi. Ukikimbilia mvuaji, msikilizaji anaweza kudhani unamsema anayevua nguo.

Kipimo cha kutendwa, basi, hukuonyesha umbo lingekuwaje. Hakikuhakikishii kwamba watu wanalitumia. Winda ina nd kama linda, lakini tunasema mwindaji. Hiyo -ji ndiyo inayotumika zaidi kwa majina mapya, na pale maumbo yote mawili yalipo, mara nyingi yamegawana maana: msomaji ana gazeti mkononi, msomi ana elimu.

Kosa la mwisho, na ndilo sisi tunalolisahihisha kila wiki, ni la kiunganishi. Jina lenye -i au -ji hudai “wa” kabla ya kitu kinachotendwa: mvuvi wa dagaa, mbebaji wa mizigo. Umbo linalobakiza -a ya kitenzi hushika kitu chake moja kwa moja: mbeba mizigo, mkausha dagaa, muuza migebuka. “Mbeba wa mizigo” ni kuchanganya mawili. Katika wingi hubadilika mwanzo tu: wabeba mizigo, wavuvi wa dagaa.

Nahodha na seremala usiwatafutie kitenzi. Ni maneno ya mkopo. Wingi wao huchukua ma-, ila upatanisho ni wa watu: manahodha wamefika, si yamefika.