Kashata ya tende haishikani? Angalia maji kwanza

Shangazi, nimefuata kila kitu lakini vipande vyangu vinameguka nikikata. Nimezidisha tende na bado. (Msomaji, Tanga)

Umeniandikia vipimo vyako, nashukuru, maana ndivyo vilivyonionyesha kosa. Tende robo kilo umeziloweka usiku kucha kwenye kikombe kizima cha maji, ukazisaga pamoja na maji hayo hayo, ukapata uji. Ulipoona uji umekuwa mwepesi ukaongeza oti mpaka ukakaza. Sasa pima mwenyewe: gramu 250 za tende na takriban gramu 250 za maji. Nusu ya rojo lako ni maji. Oti zimeyanywa, zikavimba, na utamu mzito wa tende unaopaswa kugandisha karanga umezimuliwa. Ukiongeza tende zilizolowekwa vile vile unaongeza na maji.

Kashata ya sukari husimama kwa sababu sukari iliyochemka ikipoa inakuwa ngumu kama jiwe. Tende haina tabia hiyo. Sukari yake kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, nayo hubaki laini na yenye kunata hata ikipoa. Kwa hiyo kinachoshikisha kipande cha tende ni mnato na kubanwa, na mnato unataka rojo zito.

Fanya hivi. Toa kokwa huku ukipasua kila tende uitazame ndani, kwa sababu wadudu hukaa humo na kwa nje hawaonekani. Zikiwa laini, usiziloweke kabisa. Zikiwa kavu, ziweke kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika, ziache dakika 10 zilainike kwa mvuke. Kama huna budi kuloweka, tumia maji ya moto dakika 10 tu, umwage, uzikamue kwa mkono. Saga kwa blenda kidogo kidogo, au twanga kwenye kinu. Rojo zito linaunguza mota ya blenda ndogo, na watu wengi huongeza maji kwa kuihurumia blenda. Kinu hakiungui.

Kisha weka rojo kwenye kikaango kizito, moto mdogo, na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Songa. Mwanzoni litatandaa na kutoa mapovu madogo. Baada ya dakika kama 6 litaanza kuacha kikaango na kufuata mwiko kama ugali unaoiva. Pitisha mwiko katikati: mfereji ukijifunga mara moja, bado lina maji, ukibaki wazi mpaka uhesabu tano, epua. Mwenye mizani apime: robo kilo ya tende ikikupa rojo la gramu 330, endelea kusonga mpaka likaribie 270.

Lingali moto, changanya na gramu 150 za karanga zilizokaangwa na kutwangwa kwa kukwaruza, nusu vumbi nusu vipande, pamoja na gramu 100 za oti zilizokaangwa kavu. Chumvi kidogo, hiliki ukipenda. Lile vumbi la karanga ndilo linaloziba nafasi kati ya vipande. Karanga nzima nzima huacha matundu, na kisu kikipita hapo kashata inafunguka. Mimina kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20 yenye karatasi ya kuokea, halafu kandamiza kwa kitako cha kikombe kilichopakwa mafuta. Kandamiza kwa uzito wa bega, siyo kupapasa, mpaka uso ung'ae. Friji saa 2, kisu chenye mafuta, vipande 16.

Naweza kuongeza yai ili zishikane?

Kama huoki, hapana. Yai bichi kwenye kitu cha kukaa siku kadhaa ni hatari.

Nimeweka nazi mbichi iliyokunwa, siku ya pili zimenuka kama togwa. Kwa nini?

Hili nimeshalijibu mara nyingi. Nazi mbichi ni maji na mafuta, nayo huchacha upesi kwenye joto letu. Ikaange bila mafuta, moto mdogo, mpaka iwe rangi ya kahawia hafifu na ikauke kiasi cha kuwa na mlio mkavu ukiigeuza kikaangoni. Ipoe ndipo uitumie. Chicha iliyokamuliwa tui nayo ni hivyo hivyo: kausha kwanza. Na zilizonuka zitupe, usijaribu kuziokoa kwa kuzioka.

Zinakaa siku ngapi bila friji? Nataka kupeleka bweni kwa mwanangu.

Zilizosongwa mpaka zikakauka kama nilivyoeleza, siku 5 hadi 7. Kwenye friji wiki 3, kwenye friza miezi 3. Zilizosagwa na maji bila kurudishwa motoni, hesabu siku 2, na nisingezipeleka bweni.

Zipoe kabisa kabla ya kufunga. Kipande chenye vuguvugu kikifungiwa kwenye kopo hutoa mvuke, mvuke unarudi kuwa matone chini ya kifuniko, na kuvu huanzia pale pale tone lilipoangukia. Funga kila kimoja kwa karatasi ya kuokea, panga kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Tende huvuta unyevu wa hewani, hivyo mjini pwani kopo likiachwa wazi alasiri moja tu vipande vinaanza kutoa jasho na kunata mkononi. Mwambie mtoto afungue, achukue kimoja, afunge.

Nauza vipande hivi na nimeandika "bila sukari, salama kwa wenye kisukari". Wateja wanauliza, niwajibu nini?

Futa maandishi hayo leo, dada yangu. Gramu 100 za tende zina sukari kama gramu 65. Robo kilo inakupa kama gramu 160, na ukigawa kwa vipande 16 kila kimoja kina gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Tende ina nyuzinyuzi na karanga zina mafuta na protini, hivyo utamu unaingia mwilini polepole kuliko soda, lakini unaingia. Mgonjwa akiamini maandishi yako akala vinne, amekula vijiko kumi. Andika "utamu ni wa tende, hatukuongeza sukari", na hilo liwe kweli: baadhi ya tende za pakiti zilizotolewa kokwa hupakwa sharubati ya glukosi zing'ae. Soma nyuma ya pakiti.

Na kwa kuwa unauza, chagua karanga kwa mkono kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, toa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa, na ladha ya tende na hiliki inafunika uchungu wa karanga mbovu, mlaji asijue.

Lazima nitumie tende za Ajwa?

Hapana. Tende za kubanwa pamoja, zile za bei nafuu, ndizo nzuri zaidi kwa rojo kwa sababu zimeshalainika. Ajwa uile ikiwa nzima.

Nikibadili sukari ya keki kwa rojo la tende, kipimo ni kile kile?

Rojo lina maji, sukari haina. Kwa gramu 200 za sukari weka rojo zito gramu 250, punguza maziwa kwa robo, na moto uwe mdogo kidogo kwa sababu tende huwahi kuungua juu huku ndani kukiwa kubichi.